Filamu ya kuangalia ukiwa na msiba mbichi: jua kwanza kifo kimekaa wapi

Swali: "Shikamoo dada. Mama alifariki miezi miwili iliyopita kwa kansa, mimi ndo nilikuwa namuuguza mpaka mwisho. Natamani kuangalia filamu zinazoongelea msiba, maana zile za kuchekesha naona kama zinanikwaza. Niliambiwa Wakanda Forever inafariji, nikaiangalia na wadogo zangu, pale malkia anapokufa nilishindwa kabisa nikatoka nje. Nachaguaje filamu itakayonifariji badala ya kunimaliza?"

Marahaba mdogo wangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama, na pole ya kuuguza pia, maana hiyo watu huwa wanasahau kuitoa.

Nianze na hiyohiyo Wakanda Forever kwa sababu jibu lako karibu lote limo mle ndani. Waliokuambia inafariji hawakukudanganya. Ile filamu ya 2022 imetengenezwa na watu waliokuwa na msiba wa kweli, Chadwick Boseman aliyecheza mfalme kwenye filamu ya kwanza alifariki Agosti 2020 kwa kansa ya utumbo mpana na wenzake wakarudi kazini bila yeye, na mwanzo wake wameupanga kwa heshima kubwa: mfalme anaumwa lakini hatumwoni akikata roho, tunamwona mdogo wake Shuri anahangaika maabara kutafuta dawa mpaka mama yao anaingia na kumwambia kaka yako hayupo tena, halafu moja kwa moja mazishini, watu wote wamevaa nyeupe, wanaimba na kucheza. Mtu aliyefiwa na kaka au rafiki anaweza kukaa na hiyo filamu vizuri tu. Shida ni kwamba ikishavuka nusu, wakati umeshajizoesha kwamba msiba wa humu ni wa kaka, maji yanavamia ikulu na Malkia Ramonda anakufa akimwokoa msichana mwingine, na Shuri anabaki ameinamia mwili wa mama yake. Hakuna aliyekuandaa kwa hilo. Na ukiangalia vizuri, Shuri ni nani? Ni binti aliyepigana na ugonjwa nyumbani kwao akashindwa, halafu akampoteza mama. Yaani ulipelekwa kuangalia msiba wa mtu mwingine, katikati ukakutana na wa kwako, tena mbele ya wadogo zako ambao ni lazima ulikuwa unajaribu kuwa imara kwa ajili yao. Kutoka nje ilikuwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo usichague kwa kuuliza hii filamu inahuzunisha kiasi gani. Hicho ndo watu wengi wanauliza na hakisaidii, kuna filamu unalia saa nzima ukitoka umepumua, na kuna nyingine hulii hata chozi ila usiku hulali. Mimi nafanya kazi ya kukaa na waliofiwa na filamu nazitumia sana kwenye hiyo kazi, na vitu ninavyoviangalia kabla sijampa mtu jina la filamu ni vitatu: kifo cha kwenye filamu kinafanana kiasi gani na cha kwake, kifo chenyewe kimekaa sehemu gani ya stori, na baada ya kifo watu wa kwenye filamu wana kazi gani ya kufanya. Hicho cha tatu ndo kikubwa kuliko vyote lakini tutakifikia.

Kuhusu kufanana. Watu wanadhani ukifiwa na mama kwa kansa basi utafute filamu ya mtu aliyefiwa na mama kwa kansa, utajiona humo utafarijika. Miezi ya mwanzo mara nyingi inakuwa kinyume. Nikupe mfano wa filamu ambayo lazima mtu atakupendekezea, kama bado hajakupendekezea: A Monster Calls, ya 2016. Kijana mdogo anaitwa Conor, mama yake ana kansa, usiku mti mkubwa wa jirani unageuka kuwa jitu na kuja kumsimulia hadithi, na mwisho jitu linamlazimisha naye aseme ukweli wake. Ni filamu nzuri mno. Lakini ule ukweli ni huu: Conor alikuwa anatamani yaishe. Alikuwa amechoka kusubiri, na ndani yake alitaka mama aende ili maumivu yakome, na hilo linamtafuna kuliko ugonjwa wenyewe. Sasa wewe umeuguza. Sijui kama uliwahi kuwaza hivyo usiku mmoja pale wodini, wauguzaji wengi sana wanawaza na hawasemi, ni uchovu na ni upendo pia, hakuna anayependa kumwona mzazi wake anateseka. Filamu inayomwambia mtu kwamba huko kuwaza hakukumfanya kuwa mbaya ni dawa kweli, ila hiyo dawa inapita kwanza kwenye kitanda cha hospitali, mama amekonda, nywele zimekwisha, mtoto kamshika mkono. Kwa aliyetoka huko juzi hicho kitanda hakitakuwa cha mama wa Conor, kitakuwa cha mama yake. Hiyo iweke pembeni, mwakani labda.

Unachotafuta kwa sasa ni filamu inayofanana na yako kwenye hisia lakini inayotofautiana kwenye picha, yaani ugonjwa uwe mwingine, nchi nyingine, marehemu awe babu au mke au mtu wa jirani, ili ukiangalia ubaki na nafasi ya kusema hawa ni wao na mimi ni mimi. Ukilia utakuwa umeamua mwenyewe kulia.

Halafu kifo kimekaa wapi. Hapa chukua filamu mbili uziweke pamoja. Up, ile katuni ya 2009 ya mzee mwenye nyumba ya maputo, mkewe Ellie anafariki ndani ya dakika kumi na tano za mwanzo. Inauma, watu wazima wanalia wakiwa na watoto wao pembeni, lakini ikishapita imepita, filamu yote iliyobaki ni mzee Carl anajifunza kuishi na hilo jambo ukiwa naye, na hakuna tena kitu kinachokungoja gizani. Chukua sasa Manchester by the Sea ya 2016, filamu kubwa, imeandikwa vizuri kuliko nyingi. Inaanza na msiba wa kaka, unaona sawa, kaka alikuwa mgonjwa wa moyo, na katikati ndo inafungua kwa nini yule mdogo mtu yuko vile, na kilichofunguliwa pale ni watoto wake waliokufa kwenye moto wa nyumba. Na yule bwana hapati nafuu, anasema mwenyewe kwamba hawezi kulishinda hili. Ni ukweli, kuna watu wako hivyo, na ninaiheshimu filamu kwa kutodanganya, lakini mtu wa miezi miwili simpi hiyo hata akiiomba.

Tofauti ya hizo mbili haipo kwenye uzito wa kifo peke yake. Kwenye Up unajua shimo liko wapi na ukishalivuka unatembea. Kwenye ile nyingine shimo liko katikati ya njia na limefunikwa majani. Mtu mwenye msiba mbichi anaishi hivyo tayari, anafungua kabati anakuta kanga ya mama, anapigiwa simu na mtu ambaye bado hajasikia, mishtuko anayo ya kutosha ndani ya nyumba, hahitaji kulipia bando apate mwingine.

Tahadhari moja tu kuhusu Up, kwa ajili ya wengine watakaosoma hapa: zile dakika za mwanzo zina kipande kifupi cha mke akiwa kwa daktari amejiinamia, wamegundua hawatapata mtoto. Aliyepoteza mimba au anayehangaika kupata mtoto, kidonda chake kiko hapo, kwenye kifo cha bibi hakipo. Ndo maana nasema hakuna orodha ya filamu za faraja inayomfaa kila mtu.

Sasa cha tatu. Kuna watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999 waliandika maelezo ya namna mtu anavyobeba msiba, na mimi naona ndo yanayoendana zaidi na ninachokiona kwa watu. Wanasema aliyefiwa hapandi ngazi moja baada ya nyingine mpaka afike juu apone. Anakwenda na kurudi. Saa hii yuko ndani ya huzuni kabisa, analia, anaangalia picha, anamkumbuka marehemu, baada ya muda yuko kwenye mambo ya kuishi, ada ya shule, nani atakaa na baba, kupika, kwenda kazini, hata kucheka, kisha anarudi tena kwenye huzuni. Huko kwenda na kurudi ndo kubeba kwenyewe. Anayezama upande mmoja tu bila kutoka ndo mwenye shida, na anayekimbilia kazi tu bila kulia hata siku moja naye ana shida yake.

Filamu inayofariji inaenda na kurudi vilevile. Inakupeleka kwenye huzuni, inakutoa, inakupa watu wanaopika na kugombana na kucheka, inakurudisha tena kidogo. Filamu inayomaliza mtu inakukandamiza upande mmoja saa mbili nzima na muziki juu yake. Kwa hiyo unapoulizia filamu uliza: baada ya kifo, hawa watu wanafanya nini? Wakiwa na kazi ya mikono, safari, nyumba ya kujenga, chakula cha kupika, mtoto wa kulea, hiyo ina dalili nzuri. Kama jibu ni kwamba wanateseka tu mpaka mwisho, achana nayo kwa sasa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote na ambao ndo ningekupa wewe uanze nao ni wa Kijapani, Okuribito, kwa Kiingereza inaitwa Departures, ya 2008, ilichukua Oskari ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka 2009. Ina saa mbili na dakika kumi hivi. Daigo ni mpiga selo, bendi yao kubwa ya muziki inavunjwa, anarudi na mkewe Mika kwenye mji wa kwao Yamagata kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yake. Mama alifariki miaka miwili nyuma Daigo akiwa nje ya nchi, hakumzika. Anaona tangazo la kazi, anafikiri ni ofisi ya mambo ya safari, kumbe safari yenyewe ni ile ya mwisho, kazi ni kuosha na kuvalisha maiti mbele ya familia. Bosi mzee Sasaki anamwajiri palepale, hata hamhoji vizuri.

Najua unawaza dada huyu ananipa filamu ya maiti. Ngoja nikuelekeze kipande kimoja utanielewa. Kabla filamu haijafika nusu wanakwenda nyumba moja wamechelewa dakika chache, mwenye mke anawakaripia, ana hasira zile za mfiwa ambazo hazina pa kwenda. Maiti ya mke imelazwa pale. Sasaki anapiga magoti anaanza kazi, na haongei. Anamfuta na kumvalisha kimono huku nguo nyingine inabaki juu muda wote kiasi kwamba familia imekaa hatua chache tu na haioni mwili wake hata kidogo, mikono ndo inafanya kazi chini ya kitambaa, kila mkunjo unanyooshwa kwa kiganja. Aliyewahi kuingia kumwosha marehemu wa Kiislamu atatambua mara moja ile heshima ya kitambaa kinachostiri huku maji yanapita. Kisha Sasaki anauliza marehemu alikuwa anapenda rangi gani ya mdomo, inaletwa ile aliyokuwa anaitumia siku zote, na uso wa yule mama unarudi kuwa uso wa mama wa nyumba ile, sio wa mgonjwa tena. Wanalia pale ndo wanalia. Na wakati akina Sasaki wanaondoka yule mume mwenye hasira anawafuata barabarani kuomba radhi, anasema mkewe hajawahi kupendeza kama leo.

Hicho kipande ndo sababu ya mimi kukupa hii filamu. Ulichobaki nacho wewe kichwani sasa hivi, nina wasiwasi, ni sura ya mama ya wiki za mwisho. Wauguzaji wengi wanalalamikia hicho, kwamba wakimkumbuka mama anakuja yule wa hospitali, yule wa miaka yote wamempoteza. Okuribito inachukua watu ambao kifo kimewachukulia sura zao, inawarudishia taratibu, familia baada ya familia, na katikati ya hizo familia kuna kula. Wanakula sana kwenye ile filamu, kuku wa Krismasi wanamtafuna hadi mifupa, bosi anamchomea Daigo kitu juu ya jiko dogo anamwambia tunachokula nacho kilikuwa hai. Mke anamkimbia mumewe kwa aibu ya kazi yake kisha anarudi ana ujauzito. Ndo huko kwenda na kurudi nilikokuwa nakwambia.

Ina sehemu ngumu na nakutajia zote, usikutane nazo kwa kushtukizwa. Inaanza na kazi ya kumvalisha kijana aliyejiua, haioneshwi alivyokufa ila inasemwa, aliyefiwa kwa namna hiyo ajue mapema. Kazi ya kwanza ya Daigo ni bibi aliyekaa ndani siku nyingi baada ya kufa bila mtu kujua, mwili wenyewe hauonekani sana ila kuna chakula kilichooza na Daigo anatapika, hiyo ruka, huikosi stori. Baadaye bibi mwenye bafu la mji anafariki na tunaenda naye mpaka kwenye tanuri la kuchomea, kwetu wengi hatujazoea na mwanaye analia mbele ya ule mlango, hapo wengine wanapozi kwanza. Na mwisho kabisa ni baba yake Daigo, aliyewatelekeza Daigo akiwa mdogo, anakufa na Daigo anamwandaa mwenyewe. Kile ni kilio kikubwa cha filamu, lakini kimewekwa mwishoni, umeshafundishwa filamu nzima nini kitafanyika, kila tendo unalijua, kwa hiyo unalia ukiwa umeshika kitu. Aliyetelekezwa na baba yake ndo aifikirie mara mbili. Wewe kwa ulichoniambia nadhani utaiweza.

Kama ulichokiona mochwari ndo kinachokuamsha usiku, basi hii usiiguse kwanza, narudia, usiiguse. Chukua Up.

Sasa utajuaje haya yote kabla hujaangalia? Mdogo wangu, kwa kipindi hiki soma mwisho. Ile raha ya kutojua kitakachotokea ni ya watu wasio na msiba. Fungua Wikipedia, nenda kwenye stori yote ya filamu mpaka sentensi ya mwisho, utafute nani anakufa, lini, na kwa nini. Kuna tovuti pia inaitwa doesthedogdie.com, ilianza kwa watu wanaotaka kujua kama mbwa anakufa kwenye filamu, sasa hivi ina maswali ya kila aina yanayojibiwa ndiyo au hapana na watazamaji wenyewe, kama mzazi anakufa, kama kuna hospitali, kama kuna mtu mwenye kansa. Ni ya Kiingereza na majibu ni ya watu wa kawaida kwa hiyo filamu za kwetu na za Asia mara nyingine hazina majibu mengi, hapo rudi Wikipedia. Trela usiitegemee. Trela imetengenezwa ikuvutie, haijatengenezwa ikuonye. Na rafiki akikupendekezea usimuulize ni nzuri, muulize nani anakufa humo na je tunaona akifa.

Jambo lingine dogo ila linaharibu sana. Usiangalie hizi filamu kwenye muvi zilizotafsiriwa za madijei. Nazipenda, kwa mapigano na za kikorea zinachangamsha, lakini filamu ya msiba nguvu yake iko kwenye ukimya, pale Sasaki anaponyoosha kimono hakuna anayeongea, sasa dijei atajaza kile kimya na maneno na mizaha na utabaki na hasira. Tafuta yenye maandishi ya chini. Hata huko kusoma maandishi kunasaidia, macho yanapata kazi, hayabaki yamegandia sura ya mfiwa muda wote.

Namna ya kuangalia. Mchana, au jioni mapema, siku ambayo kesho yake huna kitu kizito. Usiku wa manane peke yako na simu chini ya shuka ni vibaya, filamu ikiisha hakuna mtu aliye macho. Wadogo zako usiwe nao kwa mara ya kwanza, sio kwamba hawatakiwi kulia, ila ukiwa nao utakuwa dada mkubwa na hutaruhusu kitu kitoke. Kaa na mtu mmoja ambaye hatakuambia nyamaza na hatageuza kuwa maombi kabla filamu haijaisha, shangazi, rafiki, yeyote mliyekuwa mnapokezana zamu hospitali. Mwambie kabla kwamba mkono wako uko kwenye kitufe cha kupozi na ukipozi mnatoka nje au mnachemsha chai, hamjadili. Sio lazima muimalize siku hiyo. Okuribito igawe mara mbili, simama baada ya hiyo nyumba ya rangi ya mdomo, kama usingizi utakuwa mzuri endelea kesho yake.

Na kama nyumbani kuna wazee wanaona kuwasha TV mapema hivi ni kukosa adabu kwa marehemu, usibishane nao, nenda kwa huyo rafiki. Wana sababu zao na wao wamefiwa pia.

Utajuaje kama imekufariji au imekuzidi? Usiangalie machozi. Angalia saa chache baadaye. Ikiwa imekufaa, kilio kilikuja na kikaisha chenyewe, ukawa na njaa au usingizi, na mara nyingi kuna kitu cha mama kinakujia ambacho sio cha hospitali, sauti yake akikuita, namna alivyokuwa anafunga kilemba. Ikiwa imekuzidi, mwili ndo unasema: ulikuwa umeganda, husikii hata kilichokuwa kinasemwa, mikono ya baridi, au uliona wodi ile ile na harufu yake, na usiku picha hizo zinarudi bila kuziita. Hapo zima, na usijaribu tena filamu ya msiba wiki kadhaa. Hizo picha zikiwa zinakuja kila siku hata bila filamu, hulali, huli, au unawaza kwamba bora na wewe umfuate, hiyo sio ya kutibu kwa filamu yoyote, nenda kwa mnasihi au daktari wiki hiihii, na umwambie mtu wa nyumbani.

Umesema za kuchekesha zinakukwaza. Ni kweli, zinakukwaza kwa sababu zinaendelea kama vile hakuna aliyekufa. Utaona kicheko cha ndani ya filamu ya msiba hakikwazi, ndo maana nakwambia utafute zenye vyote viwili.

Watakupa pia Coco ya 2017, ile ya kijana wa Meksiko anayeingia nchi ya marehemu. Wengi wanaipenda na bibi wa mwishoni anaondoka bila sisi kuonyeshwa, mwaka unapita tunaona picha yake kwenye meza ya kumbukumbu pamoja na wengine, hilo wamelifanya kwa upole. Lakini inategemea imani yako, kuna watu stori ya roho za marehemu kurudi kutembelea nyumba inawavuruga kuliko kuwafariji, na kama wewe ni mmojawao iache bila kujilaumu. Na Supa Modo ya Kenya ya 2018, Mkenya yeyote atakutajia kwa fahari na ana haki, binti wa miaka tisa anayeumwa ugonjwa usiopona anataka kuwa shujaa wa filamu na kijiji kizima kinamtengenezea filamu yake. Ni nzuri kwa moyo wote. Ila mama yake na dada yake wanamuuguza mle ndani, mama anataka akae kitandani apumzike, dada anataka acheze siku alizobaki nazo, na ugomvi wao ni ugomvi wa kila familia iliyouguza. Iweke karibu na A Monster Calls, kwenye rafu ya baadaye.

Baada ya Okuribito, miezi ikisogea kidogo, ya pili iwe Still Walking ya Kore-eda, Mjapani mwingine, 2008 hiyohiyo, na aliitengeneza baada ya mama yake mwenyewe kufariki. Hakuna kifo kinachoonekana. Familia imekusanyika kumkumbuka kaka mkubwa aliyekufa miaka mingi nyuma akimwokoa mtoto anayezama, wanamenya mahindi wanayakaanga, wanataniana, wanachomana maneno, na mama wa nyumba ile, mcheshi na mpishi, kila mwaka anamwalika yule mtoto aliyeokolewa, ameshakuwa mkubwa, ili naye aumie japo siku moja kwa mwaka. Utamwona mama mwenye chuki ndogo iliyojificha na bado utampenda, na kwa waliofiwa na wazazi hilo linafungua mengi, kwa sababu baada ya mazishi marehemu huwa anageuzwa malaika na mtoto anabaki na mama wa kweli ambaye hana pa kumsemea. Onyo langu ni la dakika za mwisho tu: sauti ya mtoto wa kiume inasema baba alifariki baadaye, na mama akafuata, na kwamba ile ahadi ya kumpandisha mama kwenye gari lake hakuitimiza. Kama kuna kitu ulimwahidi mama na hamkuwahi, zima pale familia inapopanda basi kurudi kwao, filamu imeshakuwa kamili hapo, na hizo dakika chache utaziangalia siku nyingine ukiwa na dada au shangazi pembeni.